Maziwa ya Nyumba Kumi na Mbili Katika Debe Moja

 

Tumeulizwa na mama zetu wa Magogoni, hapa Kisauni, swali ambalo tumeona ni bora tulijibu kwa urefu katika ukurasa huu wa jamii. Kila mmoja wao ana ng'ombe mmoja au wawili nyuma ya nyumba, na baada ya watoto kunywa hubaki lita nne, tano au sita za kuuza. Mchuuzi huja na baiskeli, hupima kwa mkebe wake mwenyewe, hutaja bei yake mwenyewe, na siku asipokuja maziwa hulala. Sasa wanataka kukusanya maziwa yao pamoja na kuyauza kwa mkahawa au shule moja kwa bei moja. Swali lao ni hili: je, inajuzu kuchanganya maziwa ya nyumba mbalimbali, na haki ya kila mmoja itajulikanaje yakishachanganyika?

Kuchanganya kwenyewe hakuna tatizo. Maziwa kwa maziwa ni jinsi moja, na kila mmoja akijua kipimo alichoingiza, basi anamiliki sehemu ya kipimo hicho katika jumla. Uzito wa swali uko mahali pengine. Kabla ya kuchanganya, kosa la mtu lilikuwa katika kopo lake. Baada ya kuchanganya, liko katika kopo la wote. Na makosa ya maziwa ni ya aina mbili, nayo hayafanani hata kidogo yanapoingia ndani ya debe.

Kosa la kwanza ni uchachu. Tuchukulie kwa mfano wa hesabu kwamba nyumba ni 12, kila moja huleta lita 5, na mnunuzi hutoa shilingi 80 kwa lita. Jumla ni lita 60, thamani yake shilingi 4,800. Nyumba moja ikileta maziwa ya jana jioni yaliyoanza kugeuka, lita zake 5 zina thamani ya shilingi 400. Lakini zikimiminwa debeni, vijidudu vyake huingia katika lita nyingine 55, na katika joto la pwani yetu, ambapo maziwa yasiyopozwa hukaa katika nyuzi 30 za Selsiasi, vijidudu hivyo huongezeka maradufu kwa muda mfupi mno. Mnunuzi akiyachemsha yatakatika yote, na kilichopotea si 400 tena bali 4,800. Uchachu wa mmoja, basi, huharibu maziwa ya wote na kila mtu huuona.

Kosa la pili ni maji, nalo huenda kinyume. Chombo cha kupimia uzito wa maziwa, kiitwacho laktomita, ni kama kijiti cha kioo chenye tumbo zito, huelea ndani ya maziwa na husomwa namba inayogusana na uso wa maziwa. Maziwa safi ya ng'ombe kwa kawaida husoma kati ya 28 na 32, na maji matupu husoma sifuri. Mwenye lita 5 zinazosoma 30 akiongeza lita moja ya maji, kopo lake litashuka mpaka 25, na kila mwenye kusoma laktomita atajua. Lakini lita hiyo moja ya maji ikishaingia katika debe la lita 60, debe zima litasoma 29 na nusu. Hakuna mnunuzi wala mkaguzi atakayeweza kusema kuna maji. Kwa hiyo maji ya mmoja hujificha katika maziwa ya wote, na mwenye kuyatia hulipwa shilingi 80 kwa siku, yaani 2,400 kwa mwezi, kwa maji ya mfereji.

Hapo ndipo vikundi vingi vinapofia. Kila nyumba hujiambia kwamba lita yake moja haitaonekana, na ni kweli haitaonekana ikiwa ni ya nyumba moja. Nyumba zote zikijiambia hivyo, debe hushuka mpaka 25, mnunuzi huondoka, na hakuna anayejua alaumiwe nani. Waislamu tunakijua kisa cha Sayyidna Umar bin Khattab, radhi za Allah zimshukie, alipomsikia usiku binti akikataa amri ya mama yake ya kutia maji katika maziwa, kwa kuwa Khalifa haoni lakini Mola anaona. Umar alimwoza binti huyo kwa mwanawe Asim, na katika kizazi chao akazaliwa Umar bin Abdul-Aziz. Lakini Umar huyo huyo aliyefurahia ucha Mungu wa binti hakutosheka kuwaachia watu nyoyo zao. Alikuwa ametoa amri ya kukataza, na alizunguka kukagua. Kikundi nacho kinahitaji vyote viwili.

Natija ya hesabu zote mbili ni kanuni moja: kila kopo lipimwe kivyake, kabla ya tone lake kugusa debe la pamoja, mbele ya macho ya waliopo. Kupima debe baada ya kuchanganya ni kupoteza wakati.

Upokeaji huo ufanyweje? Tuseme ng'ombe hukamwa baada ya swala ya alfajiri, na makopo yafike mahali pa kupokelea saa kumi na mbili na nusu. Mpokeaji hufungua kifuniko na kunusa mara moja, kwa kuwa harufu huondoka upesi. Huangalia rangi, mabonge, nywele na uchafu. Kisha hupima kwa laktomita, na baada ya hapo hufanya mtihani wa uchachu. Viwandani mtihani huo hufanywa kwa spiriti ya asilimia 70 hivi: kiasi cha maziwa huchanganywa na kiasi sawa cha spiriti katika kichupa, yakiganda hukataliwa. Kwa wanaoona uzito kuishika spiriti, upo mtihani wa kuchemsha. Maziwa machache hutiwa katika kijiko au kichupa na kuchemshwa juu ya moto, na yakikatika na kufanya vibonge, yamechacha. Ijulikane tu kwamba huu wa kuchemsha hugundua uchachu ukiwa umekwisha kusonga mbele, ilhali wa spiriti hugundua mapema. Maziwa yaliyopita katika kijiko leo saa moja huenda yasifike saa sita. Kwa hiyo kikundi kinachotumia kuchemsha lazima kiuze haraka zaidi au kipoze maziwa mapema zaidi.

Katika laktomita kuna jambo moja linaloweza kumdhulumu mtu asiye na hatia, nasi tunaomba lizingatiwe sana. Chombo hiki husoma sawasawa katika joto lililoandikwa juu yake, mara nyingi nyuzi 20. Maziwa yakiwa moto zaidi huwa mepesi, na namba hushuka bila ya kuwapo maji. Kila nyuzi moja inayozidi 20 huongezewa sehemu mbili za kumi. Basi mama akileta maziwa yenye nyuzi 30 na laktomita ikasoma 26, tunaongeza 2, na usomaji wake wa kweli ni 28, ni maziwa salama. Kikundi kisicho na kipimajoto kitamwita mwizi mbele ya jirani zake kwa sababu ya hewa ya Mombasa. Vilevile maziwa yaliyotoka kiweleni sasa hivi, yenye povu na hewa ndani yake, husoma chini, kwa hiyo yaachwe yatulie kama nusu saa kabla ya kupimwa.

Na chombo hicho kina mpaka wake. Mtu akiengua malai juu ya maziwa, yaliyobaki huwa mazito na namba hupanda. Akitia maji kidogo baada ya kuengua, namba hurudi pale pale pa kawaida. Laktomita haitamkamata huyu. Dalili yake ni maziwa yanayosoma vizuri kila siku lakini ni membamba na ya rangi ya samawati, na yakichemshwa hayafanyi utando juu. Kingine kisichoonekana kwa laktomita wala kwa kuchemsha ni dawa. Ng'ombe aliyechomwa sindano ya kiuavijasumu kwa ugonjwa wa kiwele hutoa dawa hiyo katika maziwa kwa siku kadhaa, kama ilivyoandikwa juu ya chupa ya dawa. Mwenye kutaka kugandisha maziwa lala ataona tu kwamba hayagandi. Hapa hakuna mtihani wa mlangoni, ila ahadi kwamba mwenye ng'ombe anayetibiwa ataarifu na kukaa kando mpaka siku zitimie. Ugonjwa wenyewe wa kiwele hugunduliwa nyumbani: mikamuo miwili mitatu ya mwanzo itolewe juu ya kikombe cheusi, na vibonge vyeupe vikionekana, maziwa ya chuchu hiyo yasiingie kopo. Na dang'a, yaani maziwa ya siku za mwanzo baada ya kuzaa, ni ya ndama, kwani yakichemshwa hukatika.

Kopo lililokataliwa hurudishwa kwa mwenyewe na sababu yake huandikwa katika daftari: harufu, uchachu, au namba ya laktomita. Aambiwe kwa sauti ya chini. Lengo ni kulinda debe, kumfedhehesha mja hakumo. Maziwa yaliyochacha kwa wakati wa kwanza anaweza kuyagandisha nyumbani. Lakini akikataliwa kwa maji mara ya pili, kanuni iliyokubaliwa tangu mwanzo ifuate mkondo wake, bila kuangalia ni mke wa nani.

Haya si mambo ya kubuni. Ndugu zetu wa Tanga, kusini mwa mpaka, watu wa pwani kama sisi na wenye joto kama letu, wameyaishi. Mpango wa ng'ombe wa maziwa kwa wafugaji wadogo ulianza huko miaka ya 1980 kwa msaada wa Uholanzi. Ng'ombe walipozaana na maziwa yakazidi mahitaji ya majirani, wafugaji walikuwa na tatizo lile lile la Magogoni: maziwa kidogo kidogo katika nyumba nyingi, na soko lisilosubiri. Vyama vyao vya msingi viliungana mwaka 1993 katika muungano unaojulikana kwa herufi TDCU, na baada ya miaka michache muungano huo ukawa mmoja wa wenye hisa katika kiwanda cha Tanga Fresh, ambacho pakiti zake huuzwa mpaka Dar es Salaam. Mfumo wao una ngazi mbili. Mfugaji hupeleka maziwa yake kwenye kituo cha chama chake cha karibu, na hapo hupimwa, huandikwa na kupozwa. Kutoka kituoni maziwa ya wengi husafirishwa pamoja hadi kiwandani, yakapimwa tena. Ngazi ya kwanza ndiyo tunayoizungumzia hapa, kwa sababu kiwanda kikikataa maziwa ya kituo kizima, hasara ni ya kituo kizima. Aliyepokea kopo baya asubuhi amewanyima malipo majirani zake wote.

Sasa tuje kwenye bei, ambako ugomvi huanza hata kati ya watu wema. Kikundi lazima kiamue jambo moja kabla ya siku ya kwanza: je, kinanunua maziwa ya wanachama, au kinayauza kwa niaba yao kama wakala? Kikinunua, bei itajwe na ijulikane maziwa yanapopokelewa, na tangu hapo maziwa ni mali ya kikundi. Yakimwagika njiani, mwanachama bado anadai pesa zake. Kikiwa wakala, maziwa hubaki ya wenyewe mpaka yauzwe, mwanachama hupata kilichopatikana baada ya kutolewa gharama na ujira uliotajwa, na yakiharibika bila uzembe wa wakala hasara ni ya wenye maziwa kwa mgao wa lita zao. Zote mbili zinajuzu. Kisichofaa ni kuchanganya: kupokea maziwa kwa maneno ya kwamba tutaona mwisho wa mwezi, kisha yakiuzwa vizuri kikundi kikasema kilinunua, na yakiharibika kikasema kilikuwa wakala. Kwa kikundi kichanga kisicho na akiba, tunaona uwakala ni salama zaidi.

Turudi kwenye hesabu yetu ya lita 60 kwa shilingi 80, tuone kila mtu anapata nini. Bodaboda wa kupeleka maziwa huchukua shilingi 300 kwa siku, ambazo ni shilingi 5 kwa kila lita. Mpokeaji hupewa 240, yaani shilingi 4 kwa lita. Sabuni, maji moto na barafu ni shilingi 2 kwa lita, na akiba ya kikundi shilingi 3. Jumla ya makato ni 14, na mwanachama hupata shilingi 66 kwa kila lita iliyopita mtihani. Hesabu hii ibandikwe ukutani mahali pa kupokelea, ili kila anayeleta kopo aone 80 imekuwaje 66. Makato yaliyoandikwa watu huyavumilia, hata yakiwa makubwa. Yaliyofichwa huzaa shaka hata yakiwa madogo.

Kisha huja Ramadhani. Kila nyumba inataka maziwa ya chai, ya uji na ya tambi, na mchuuzi yule aliyekuwa akitoa bei ndogo sasa anagonga mlango akitoa shilingi 75 taslimu. Mama anaona 75 ni zaidi ya 66, na hesabu yake ni sahihi. Tuseme nyumba sita zikamfuata, na debe likabaki na lita 30. Bodaboda bado anataka 300 zake, kwani safari ni ile ile, na mpokeaji bado anaamka alfajiri ile ile kwa 240. Shilingi 540 zikigawanywa kwa lita 30 ni 18 kwa lita. Ukiongeza 2 za usafi na 3 za akiba, makato ni 23. Waliobaki waaminifu sasa wanapata 57. Wao nao wataondoka wiki inayofuata, na mkahawa ulioahidiwa lita 60 utatafuta mwingine. Baada ya Idi mchuuzi hurudi kwenye bei yake ya zamani, na kikundi hakipo tena.

Dawa yake haitoki katika kulaumiana. Kwanza, kila nyumba itamke tangu mwanzo lita itakazoleta kikundini, na kilichozidi ni ruhusa yake kumuuzia jirani au mchuuzi. Aliye na lita 7 aahidi 5, asiahidi 7. Pili, bei na mnunuzi ijadiliwe upya kabla ya Ramadhani, kwa sababu mwenye lita 60 za uhakika, zilizopimwa, ana nguvu ya kuomba 85 au 90 ambayo mwenye lita 5 hana. Tatu, ile akiba ya shilingi 3, ambayo kwa lita 60 ni 5,400 kila mwezi, sehemu yake igawanywe mwisho wa mwaka kwa hesabu ya lita alizoleta kila mmoja. Aliyeleta mwaka mzima, pamoja na Ramadhani, ataona malipo yake ya mwisho, na aliyekimbia ataona pengo lake.

Lipo pia suala la kipimo. Mkebe wa kuteka maziwa yenye povu hudanganya pande zote mbili: mpokeaji anadhani amepata lita moja, kumbe robo yake ni hewa. Mizani ni bora. Lita moja ya maziwa ina uzito wa kilo moja na gramu 30 hivi, na mizani ya kuning'iniza haijali povu. Mizani ile ile itumike kupokelea na kuuzia, na kila mwanachama awe na kijidaftari chake kinachoandikwa siku hiyo hiyo sawa na daftari la kikundi. Sura nzima ya Qur'ani imeitwa kwa jina la wenye kupunja vipimo, Al-Mutaffifiin, nayo inawalaani wanaojipimia kamili na kuwapunguzia wenzao. Mkebe wa mchuuzi tuliouona kuwa dhulma haufai kurudi kwa jina la mkebe wa kikundi.

Ama vyombo, maziwa yasibebwe katika madumu ya plastiki yaliyokuwa ya mafuta. Mikwaruzo ya ndani yake huficha uchafu usiotoka kwa kuosha. Madebe ya alumini au ya chuma kisichoshika kutu yana mdomo mpana ambao mkono hupita. Huoshwa kwa maji baridi kwanza ili mabaki ya maziwa yasigande kwa joto, kisha sabuni na maji moto, kisha huanikwa juani kichwa chini.

Kwa upande wa serikali, sheria ya vyama vya ushirika ya Kenya ya mwaka 1997 inataka watu wasiopungua 10 ili kusajili chama cha msingi, kwa hiyo nyumba 12 zinatosha. Biashara ya maziwa yenyewe huhitaji kibali cha Bodi ya Maziwa ya Kenya, na wenye kutaka kuuzia shule au mikahawa wasiliache hilo mpaka waulizwe.

Kwa muhtasari wa jibu letu kwa mama zetu wa Magogoni: changanyeni, na haki ya kila mmoja itajulikana kwa mizani na daftari. Lakini wiki ya kwanza msiuze kitu pamoja. Nunueni laktomita, kipimajoto na mizani, kila nyumba ilete kopo lake alfajiri kwa siku saba, pimeni, andikeni, kisha kila mmoja arudi na maziwa yake amuuzie aliyekuwa akimuuzia. Mwisho wa wiki hiyo mtajua maziwa ya kila nyumba husoma ngapi yakiwa hayajaguswa na mtu, na kila mmoja atakuwa amezoea kupimwa mbele ya wenzake kabla pesa hazijaingia katikati. Siku ya nane ndipo mfungue debe.

Wabillahi tawfiiq.